Utani wa jina kwenye salamu za kuzaliwa: kwa nini haukolei, na pa kuurekebisha

Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku. Ingia darasa lolote la shule ya msingi pale Moshi, utamkuta Neema kakaa na Baraka, Furaha yuko nyuma yao, na Tumaini anasugua ubao. Kwa hiyo mtu akitaka kumwandikia mwenzake mstari mmoja wa siku ya kuzaliwa, mkono wenyewe unakwenda kwenye jina. Bado mistari mingi ya namna hiyo haikolei. Mimi huandika maneno ya kadi na ya keki, na wateja huja na mstari wao mkononi wakiuliza una kasoro gani. Nimeyapanga malalamiko yao hapa kama wanavyoyasema, na chini ya kila moja nimeeleza chanzo chake na pa kurekebisha.

"Amesoma, akasema asante, hakuona kitu"

Hili ndilo lalamiko la kila wiki, na ndilo lenye mengi ya kueleza. Mteja ameandika: "Baraka amefika miaka 30, hongera!" Moyoni mwake alitaka isomeke kwamba baraka, ile inayotoka kwa Mungu, imeifikia familia. Msomaji ameona jina la mtu na umri wake, basi.

Chanzo ni upatanisho. Kiswahili hakikuachii utani ukae kimya ndani ya sentensi, kwa sababu kila neno linalofuata jina linauliza: wewe ni mtu au ni kitu? Ukiandika "Baraka amefika", ile *a-* imeshajibu kwamba ni mtu, na maana ya pili imefungiwa mlango. Ukiandika "baraka zimefika", *zi-* imejibu kwamba ni vitu, na mwenye jina ametoweka kwenye kadi yake mwenyewe. Hali ni ileile kwa sifa na vimilikishi. "Furaha mkubwa" ni mtu, "furaha kubwa" si mtu. "Neema wetu" ni binti, "neema yetu" ni zawadi. Utani unahitaji mahali ambapo maana zote mbili zinaweza kukaa kwa pamoja, na upatanisho huzitenganisha mara tu neno la pili linapotamkwa.

Dawa yake ni kulipeleka jina mwishoni, mahali ambapo hakuna neno litakalokuja nyuma yake kudai upatanisho. Kabla ya jina weka neno lisilopatana na jina lenyewe: *na*, *bila*, *kwa*, *yenye*, au kile kiunganishi cha *wa, ya, cha*. "Tuna Baraka." "Nyumba yenye Amani." "Mwaka wa Neema." Katika "mwaka wa Neema", ile *wa* inashughulika na mwaka, haimgusi Neema hata kidogo, kwa hiyo Neema anabaki huru kuwa binti na kuwa neema kwa wakati mmoja.

Vitenzi vya kutendwa navyo vinasaidia sana. Ukiandika "tumempata Neema", *-m-* imeshamfanya mtu. Lakini *kupewa* na *kujaliwa* havidai kiambishi hicho. Baba mmoja wa Kiboriloni alitaka maneno ya kadi ya binti yake aliyezaliwa 1996, na alikuwa ameandika aya nzima. Tukabaki na hii:

*Mwaka 1996 tulijaliwa Neema.*

Hakuna hata neno moja la utani pale. "Kujaliwa" ndilo neno tunalolitumia kila siku kwa watoto, na pia kwa mema yote, kwa hiyo sentensi inasomeka kama taarifa ya kuzaliwa na kama shukrani. Herufi kubwa ya N ndiyo pekee inayoelekeza upande wa jina, na mtu akisoma kwa sauti hata hiyo haipo. Mimi huuona huu kuwa mfano safi kuliko yote niliyowahi kushika.

Ikibidi neno lifuate jina, chagua zile sifa zisizobadilika: *kamili, halisi, safi, bora*. "Furaha kamili" haisemi kama ni msichana au ni hali ya moyo. "Furaha kubwa" inasema.

Kipimo chake ni rahisi, nami hukiita kipimo cha Juma na pesa. Ondoa jina, weka "Juma". Kisha liondoe tena, weka "pesa". Sentensi ikikubali yote mawili, utani una pa kusimama. "Tuna Juma", "tuna pesa": zote zinakubali, kwa hiyo "Tuna Baraka" iko salama. "Juma amefika" sawa, "pesa amefika" hapana: rudi ukaandike upya.

Kuna ruhusa moja. Methali inayojulikana na kila mtu inaweza kubeba upatanisho wa kitu na bado jina likasikika, kwa sababu sikio linaitambua kabla haijaisha. Mke akiitwa Subira na mume Heri, "Subira yavuta Heri" inasimama vizuri ingawa *ya-* si ya mtu. Lakini usiirekebishe kuwa "Subira avuta Heri" ili imfae mke. Hapo umeivunja methali, na utani umekufa nayo.

"Akaniambia hiyo ameisikia tangu darasa la kwanza"

Hapa sarufi haina kosa. Mstari ni "Neema ni neema kwetu", au "Hepi besdei, Hepi" kwa binti anayeitwa Hepinesi, au "Heri ya kuzaliwa, Heri". Mtu mwenye jina hilo amelipata hili kutoka kwa walimu, kwaya, majirani na kila kadi iliyopita. Heri ndiye anayeonewa kuliko wote, kwa kuwa jina lake tayari ni neno la kwanza la salamu yenyewe; hata asiyetaka utani anajikuta ameufanya.

Chanzo ni kwamba mstari unasema kitu kilicho kweli kwa kila Neema aliye nchini. Kumtafutia jina maana ngumu zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuweka mbele ya jina jambo moja ambalo ni lake peke yake, kisha kuliacha jina lifunge.

Chukua kosta ya Moshi na Arusha ambayo dereva wake anaitwa Baraka. Kondakta na wenzake wa stendi wanataka kumwandikia. "Baraka ni baraka" haimhusu. Lakini kila anayepanda gari asubuhi anataka safari yenye baraka, na gari lao kweli haliondoki asipokuwepo. Kwa hiyo:

*Moshi hadi Arusha hatuendi bila Baraka.*

Kipimo kinakubali: bila Juma, bila pesa. Na safari hii mstari hauwezi kuhamishiwa kwa Baraka mwingine anayeuza viatu Kaloleni.

Mwingine ni wa ofisi moja Arusha. Huko kuna Neema ambaye kila mtu humkopa ikifika katikati ya mwezi, naye hukopesha bila kelele. Wenzake walikuwa na "Neema wetu mwenye neema tele". Nikawauliza Neema huwafanyia nini hasa, wakacheka, na mstari ukatoka kwenye jibu lao:

*Tarehe 20 hatuna hela, ila tuna Neema.*

Angalia kazi inavyofanyika. Sehemu ya kwanza haina jina wala utani. Ni ukweli mkavu ambao kila mfanyakazi anaujua. Inatayarisha *hatuna*, na *tuna* inapokuja, msikilizaji anategemea kitu. Anapata mtu na kitu pamoja. Ukigeuza ukaandika "Tuna Neema hata tarehe 20 tukikosa hela", siri imetoka mapema, na maneno yanayobaki hayana kazi.

"Watu walishtuka"

Hili ni la nadra, lakini ndilo linaloacha kumbukumbu mbaya, tena linaweza kupita kipimo cha Juma na pesa bila kukwama.

Familia moja ya Moshi ilikuwa inamfanyia baba yao sherehe ya miaka 60. Mzee anaitwa Heri. Ndafu imeagizwa, wajukuu wamekuja. Watoto walitaka keki iseme kwamba imetoka kwao kwenda kwake, wakaandika: "KWA HERI, MIAKA 60". Ukipima, "kwa Juma" inakubali, "kwa pesa" inakubali. Jina liko baada ya *kwa*, mahali palepale ninapopapendekeza.

Sasa isome kwa sauti. Ni "kwaheri". Na hakuna anayemuaga mtu kwenye keki ya kuzaliwa, hasa mtu mzima. Umri wenyewe unaongeza uzito, kwa sababu 60 ndio umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Mgeni aliyechelewa kuingia angedhani ni hafla ya kumuaga kazini. Mwenye mawazo mazito zaidi angekumbuka mahali pengine tunapomwambia mzee kwaheri.

Wao walisema nafasi kati ya KWA na HERI ingeonekana. Kwenye kadi, labda. Kwenye keki anayeandika anabana krimu kutoka kwenye mfuko, herufi zinavimba, na keki ya kilo moja haina upana wa kupoteza. Kile kinafasi ndicho cha kwanza kumezwa. Zaidi ya hapo, oda nyingi hupigwa kwa simu: mwenye keki anasikia "kwaheri" na anaandika alichosikia. Utani unaotegemea nafasi tupu usipelekwe kwenye keki.

Tulijaribu njia kadhaa. "HERI WETU" ilimfanya mtu tu, haina utani. "HERI YETU" ilikuwa nzuri kwa masikio yangu, lakini wanawe wawili waliona kwamba *yetu* inamfanya baba kuwa kitu, na kwa mzee sibishani na hisia hiyo. Tukarudi kwenye kanuni ya mwisho wa sentensi, tukabadilisha tu neno la mbele:

*MIAKA 60 YENYE HERI*

*Yenye* inapatana na miaka. Jina liko mwishoni. Hata herufi zikigusana hakuna neno lingine linalozaliwa. Na maneno yenyewe ni ya kawaida kabisa katika kumtakia mtu mema, kwa hiyo mgeni asiyejua jina la mzee anasoma baraka, na anayelijua anatabasamu.

Heri si peke yake. Amani ana mtego mbaya zaidi, kwa sababu ya "pumzika kwa amani". Nimewahi kuletewa "Leo usifanye kazi, pumzika kwa Amani", mke akimwandikia mumewe kwamba atulie nyumbani kwake. Nia ilikuwa njema kabisa, na mstari huo haufai kusomwa na mtu yeyote. Kwa jina la Amani ninaacha *kwa* na kutumia *na* au *yenye*. Faraja naye: karibu kila sentensi ya "Mungu akupe faraja" tumeizoea msibani. Ukanushi nao uuangalie. "Leo hatuna Amani", ikitumwa kwenye kundi la familia kwa sababu Amani amesafiri siku yake ya kuzaliwa, itakuletea simu za shangazi wanaouliza kumetokea nini.

Kwa hiyo kipimo kinahitaji hatua ya pili: mpigie mtu simu, msomee mstari mara moja bila kuueleza, kisha mwambie auandike. Akiandika "kwaheri", umepata jibu kabla ya krimu kukauka.

"Kwenye simu ulipendeza, mshereheshaji aliposoma haukusikika"

Hapa jina si neno lenyewe, limefichwa ndani ya neno jingine. Kinachoamua ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka kwa nyuma mkazo unasogea nao. Kwa hiyo jina lililofichwa mwishoni mwa neno linabaki na sauti yake, na lililofichwa mwanzoni linaipoteza.

Asha yumo ndani ya *washa*, na mkazo wa yote mawili uko mahali pamoja. Ndiyo maana "Washa mishumaa, Asha!" inafanya kazi hata ikipigiwa kelele na watoto ambao hawajui kusoma. Ali yumo ndani ya *asali*, Aisha yumo ndani ya *maisha*, na yote mawili yanasikika vizuri. Lakini Ana ndani ya *anapendwa*, au Juma ndani ya *Jumamosi*? Macho yanawaona, sikio linasikia *pe* na *mo*. Mistari hiyo iache kwenye kadi na kwenye stetasi, mahali ambapo mtu atasoma mwenyewe. Kuandika herufi kubwa katikati ya neno, au mshereheshaji kuvuta silabi za mwanzo kwa nguvu, hakuokoi. Watu watajua kuna kitu wametakiwa kucheka, na watacheka kwa heshima.

Mkoani kwetu kuna sababu nyingine ya mstari kutosikika: lugha ya nyumbani. Binti anaitwa Aika, na aika kwa Kichaga ni asante. "Ee Mungu, aika kwa Aika" ikisemwa kwa bibi yake huko mlimani, nyumba nzima inaitikia. Ikisemwa kwenye ukumbi wa Arusha, meza za Wamaasai na Wameru zinabaki zikitazamana. Kichaga chenyewe hubadilika ukitoka Machame kwenda Marangu hadi Rombo, kwa hiyo uliza familia inavyotamka wao. Kama wageni ni mchanganyiko, mstari huo uweke ndani ya kadi yake, usimpe mshereheshaji.

"Alitabasamu, lakini sikupenda lile tabasamu"

Sarufi haina la kufanya hapa. Kuna majina yaliyotolewa siku ngumu: Shida, Taabu, wakati mwingine hata Faraja na Tumaini, mtoto aliyefuata baada ya msiba. Mstari kama "Shida zetu zimeisha, karibu keki" unaweza kumfurahisha mmoja na kumuumiza mwingine, na kwenye karatasi huwezi kuwatofautisha. Kama hujawahi kumsikia mwenyewe akilitania jina lake, usianze wewe, tena mbele ya watu.

Jina la ukoo ni hatari kwa namna nyingine. Ukimtania Mushi au Swai kwa jina lake la mwisho, babu yake amekaa meza ya mbele naye anaitwa hivyohivyo. Mimi siandiki utani wa ukoo isipokuwa anayeuomba ni wa ukoo huohuo.

Na kwa watu wazima mara nyingi jina tunaloliita si lao. Jirani yako ni Mama Neema. Jina lake la ubatizo huenda hujawahi hata kulitamka. Ukiandika "Tunafurahi kuwa na Neema", umemsifu binti kwenye siku ya mama. Utani unawezekana, ila lazima urudi kwa mama, na *-enye* ndiyo inayourudisha, kwa sababu inapatana naye:

*Shikamoo, na hongera kwa siku yako, mama mwenye Neema.*

Mama ndiye anayesifiwa, binti ametajwa, na shikamoo imetangulia kabla ya utani. Kama mwandishi ni mdogo kwa umri, hiyo shikamoo usiifute kwa ajili ya kuokoa nafasi. Ukikosa nafasi, punguza "kwa siku yako".